Muhuri huu kagonga nani?

Jumatatu ya tarehe 17 Machi 2025 mjomba wangu alinikuta ofisini kwangu pale Mwanga, Kigoma, hajakaa hata sawasawa akanisukumia simu. "Mjomba, hebu nitazamie hii, ni ya kweli?"

Kwenye skrini kulikuwa na duka la mtandaoni linalouza taa za LED za kuvulia dagaa, na betri zake, na paneli za kuchajia, picha safi, bei iko chini kidogo ya bei za madukani hapa mjini. Alikuwa anawahi giza. Mbalamwezi ilishaanza kupungua, mwisho wa mwezi ziwa linakuwa jeusi kabisa na hapo ndo dagaa wanafuata taa, na mitumbwi yake miwili ilikuwa imebaki na taa za kuungaunga.

Nikaangalia juu, kuna kufuli. Nikashusha mpaka chini kabisa ya ukurasa, kuna mihuri miwili: ngao ya kijani imeandikwa `100% SECURE`, pembeni yake duara la dhahabu limeandikwa `VERIFIED BUSINESS`.

Nikamrudishia simu. "Iko poa mjomba, ina kufuli na imethibitishwa."

Sikutumia hata dakika moja.

Alituma 640,000, nusu ya bei, nyingine angemalizia mzigo ukifika kwa basi baada ya siku tano. Siku tano zikapita, giza likaingia, giza likaisha. Ile namba ilipokelewa mara ya mwisho tarehe 24, baada ya hapo haikupatikana tena.

Ninaandika haya kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza websaiti. Mjomba hakuja kwangu kwa sababu mimi ni mpwa wake tu, alikuja kwa sababu anaamini mimi najua haya mambo.

## Mzani wa Kibirizi

Wiki mbili baadaye nilimfuata mwaloni Kibirizi. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Alikuwa amekaa karibu na mama mmoja anayenunua dagaa kwa kilo, akaniuliza taratibu: "Wewe ulisema imethibitishwa. Aliyethibitisha ni nani? Nipe jina lake nimpigie."

Sikuwa na jina.

Akanyoosha kidole kwenye mzani wa yule mama. Ubavuni una stika ya Wakala wa Vipimo, imeandikwa mwaka. Akasema hii najua kaibandika nani, anakuja na mawe yake, anayaweka hapa, mzani ukisema uongo habandiki, na asipobandika mama huyu hapimi mtu. Ofisi yao naijua, nikiona mzani unaniibia nakwenda.

Yule mama akaongezea bila kuulizwa, huku anachambua dagaa zake: "Ila stika haisemi kama dagaa zina mchanga."

Hayo maneno mawili yamenisumbua mpaka leo. Mjomba ameuliza nani kagonga muhuri, mama amesema muhuri unajibu swali moja tu na mengine yote bado ni juu yako. Mimi mwenye kompyuta sikuwa nimewahi kujiuliza hata moja kati ya hayo kuhusu ile ngao ya kijani, na nimeziona ngao za hivyo mara elfu.

Nilirudi nyumbani nikafungua ile tovuti. Ilikuwa bado hewani.

## Nikabonyeza

Kitu cha kwanza ambacho ningeweza kufanya palepale ofisini, kwa kidole kimoja, ni kuibonyeza ile ngao. Nikaibonyeza. Hakuna kilichotokea. Haiendi popote.

Nikafungua msimbo wa ukurasa kuangalia imewekwaje (jina la tovuti na majina ya faili nimebadilisha hapa chini):

```html
<img src="/images/secure-seal.png" alt="secure">
```

Ndo hiyo tu. Picha. Imehifadhiwa kwenye seva ya duka lenyewe, folda moja na picha za taa. Hakuna kampuni nyuma yake, hakuna mtu aliyekagua, yaani ni sawa na mimi nichore stika ya vipimo kwa kalamu nibandike kwenye mzani wangu.

Muhuri unaotolewa na mtoaji halisi kwa kawaida unakaa hivi:

```html
<a href="https://mtoaji.example/verify?site=duka.example">
  <img src="https://mtoaji.example/seal/duka.example.png">
</a>
```

Tofauti ni kwamba picha inatoka kwa mtoaji, siyo kwa muuzaji, na ukibonyeza unaondoka dukani unapelekwa nyumbani kwa mtoaji, na huko unakuta ukurasa unaotaja jina la tovuti uliyotoka, kilichokaguliwa, na tarehe. Hilo ndo jambo la msingi: uthibitisho lazima uusome kwa aliyethibitisha. Ukiusomea kwa anayethibitishwa hujasoma kitu.

Nikahamia kwenye lile duara la dhahabu. Hili lilikuwa linabonyezeka, nikapata moyo kidogo. Likafungua cheti kizuri chenye fremu, sahihi ya mkono, neno `VALID` kwa kijani. Ningekuwa na haraka ningeridhika hapo.

Kisha nikasoma anwani kule juu:

```
https://duka.example/verify-certificate.html
```

Bado niko dukani. Sijatoka hata hatua. Muuzaji amejiandikia cheti, amejisainia, na kujisomea mwenyewe.

Na kuna wajanja zaidi ya huyu, wanaokutoa kweli nje ya tovuti lakini wanakupeleka kwenye tovuti nyingine waliyoinunua wao wenyewe, yenye jina linalofanana na la mtoaji. Hapo ndo inabidi ujue kusoma anwani, na anwani inasomwa kuanzia kulia. Tafuta mkwaju `/` wa kwanza baada ya `https://`, kisha rudi nyuma kushoto, yale maneno mawili ya mwisho (au matatu kama ni `.co.tz` au `.go.tz`) ndo mwenye nyumba. Kwa hiyo `mtoaji.example.duka.example` ni mali ya `duka.example`, hata kama jina la mtoaji limekaa mbele kabisa linang'aa. Yaliyo kushoto mwenye nyumba anaandika anavyotaka.

## Kufuli nalo

Hapa ndo aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi, maana kufuli nalijua. Naliweka mwenyewe karibu kila wiki kwenye tovuti za wateja.

Kufuli linatokana na cheti cha tovuti. Nilichukua cheti cha lile duka nikakisoma:

```
openssl s_client -connect duka.example:443 \
  -servername duka.example </dev/null \
  | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates
```

Majibu:

```
subject=CN = duka.example
issuer=C = US, O = Let's Encrypt, CN = R11
notBefore=Feb 11 08:14:22 2025 GMT
notAfter=May 12 08:14:21 2025 GMT
```

Cheti ni halali kabisa, hakijaghushiwa. Let's Encrypt ni shirika la kweli lisilo la faida, linatoa vyeti bure, hivi vya kawaida ni vya siku 90, na limefanya kazi kubwa ya kuufanya mtandao wote usafiri salama. Mimi mwenyewe navitumia hivyohivyo.

Lakini angalia mstari wa `subject`. Kuna jina la tovuti tu. Hakuna jina la kampuni, hakuna mji, hakuna nchi ya mwenye duka. Na hakuna kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ninapoomba cheti cha namna hii mimi huendesha programu kwenye seva, Let's Encrypt wananipa herufi za kubahatisha, programu inaziweka kwenye faili ndani ya `/.well-known/acme-challenge/`, wao wanakuja kuzisoma kupitia mtandao, wakizikuta wanajua kwamba ninayeomba ndiye ninayeitawala hiyo tovuti. Basi. Cheti kinatoka, mara nyingi haijafika hata dakika. Hakuna mtu aliyeniuliza naitwa nani, nauza nini, nimewahi kufungwa au vipi.

Kwa hiyo kufuli linasema mambo mawili. La kwanza, unaongea na tovuti ileile ambayo jina lake liko kwenye anwani. La pili, mnayoongea yanasafiri yamefungwa, mtu wa katikati hayasomi. Mjomba wangu alipojaza fomu yenye namba yake ya simu na anapoishi, taarifa zilifika salama salimini mpaka kwa tapeli, hakuna mwizi mwingine aliyeziona njiani.

Waliotengeneza Chrome waliliona tatizo hili, na Septemba 2023, toleo la 117, wakaiondoa alama ya kufuli wakaweka alama nyingine ya vijitufe vya mipangilio, kwa maelezo kwamba watu wanaidhani inamaanisha tovuti ni ya kuaminika wakati karibu tovuti zote za kitapeli nazo zina kufuli. Brauza ya simu ya mjomba ilikuwa nyingine, bado inaonyesha kufuli. Na mimi niliyekuwa nimesoma habari za Chrome mwaka ule ule zilipotoka, bado nilisema "ina kufuli".

Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kwamba kujua na kukumbuka kwa wakati ni vitu viwili.

Kuna vyeti vya daraja la juu zaidi ambapo mtoaji anakagua kama kampuni imesajiliwa kweli. Zamani brauza zilikuwa zinaandika jina la kampuni kwa kijani pembeni ya anwani. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama, Ian Carroll, alisajili kampuni inaitwa Stripe, Inc kwenye jimbo la Kentucky kule Marekani, jina lilelile la kampuni kubwa ya malipo ambayo yenyewe imesajiliwa jimbo jingine. Usajili dola 100, cheti dola 77, muda alioutumia yeye mwenyewe chini ya saa moja, na brauza zikaandika kwa kijani "Stripe, Inc" kwenye tovuti yake. Hakudanganya popote. Kampuni ipo, imesajiliwa, na yake kweli, ila haikuwa ile ambayo msomaji angeidhania. Mwaka 2019 Chrome na Firefox wakaiondoa ile sehemu ya kijani kwenye mstari wa anwani.

Hata huku kwetu ni hivyohivyo. Namba ya usajili ya BRELA ukiikagua kwenye mfumo wao ukakuta ipo, umejua kampuni ipo. Bado hujajua kama tovuti unayoiangalia ni ya kampuni hiyo. Mtu anaweza kunakili cheti cha kampuni ya watu akakiweka kwenye tovuti yake kama alivyonakili picha za taa.

## Sawa, na ule muhuri halisi je?

Baada ya kumaliza hasira na zile picha za kuchora nikajiambia basi dawa ni kutafuta mihuri ya kweli, ile inayobonyezeka mpaka kwa mtoaji. Nikaanza kusoma kuhusu watoaji wenyewe, na hapa nikakaa siku kadhaa, kwa sababu nilichokikuta kilinivuruga kuliko yale matapeli.

Kulikuwa na kampuni Marekani inaitwa ControlScan. Kampuni ya kweli, muhuri wa kweli, ulikuwa na majina kama `Verified Secure` na `Privacy Protected`, na pembeni unaonyesha tarehe ya leo. Ukifungua duka Jumanne unaona tarehe ya Jumanne, Jumatano unaona ya Jumatano. Mnunuzi yeyote anaelewa nini? Kwamba leo hii kuna mtu kakagua.

Februari 2010 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kumalizana nao. Iliwatuhumu kwamba tarehe ilikuwa inabadilika yenyewe kila siku, ukaguzi hapana. Baadhi ya tovuti zilikuwa zinakaguliwa mara moja kwa wiki, nyingine baada ya kuingia hazikukaguliwa tena kabisa. Na ile mihuri ya faragha ilitolewa bila kukagua chochote cha maana, au kwa kukagua kidogo sana.

Fikiria stika ya mzani inayojiandika mwaka mpya yenyewe kila Januari.

Miaka minne baadaye, Novemba 2014, FTC hiyohiyo ikamalizana na TRUSTe, mtoaji mkubwa zaidi, aliyekuwa ameahidi kurudi kila mwaka kukagua tovuti alizozipa muhuri. Tuhuma ilikuwa kwamba mara zaidi ya 1,000, kati ya 2006 na Januari 2013, hawakurudi. Muhuri ukabaki palepale.

Nilipofika hapa nikajiuliza kwa nini. Na nadhani jibu liko kwenye swali ambalo mjomba angeliuliza mara moja: anayelipa ni nani? Mteja anayetazama muhuri halipi. Anayelipa ni mwenye tovuti. Mtoaji akimnyima muhuri anakosa ada. Mwaka 2006 mtafiti Benjamin Edelman alilinganisha tovuti zenye muhuri wa TRUSTe na zisizo nao, akakuta zenye muhuri zina uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa za kutoaminika. Mara mbili! Hoja yake inaingia akilini ukiitafakari: duka linalojulikana na kila mtu halihitaji muhuri, anayeuhitaji sana ni yule ambaye bila huo hakuna atakayemwamini, na ukaguzi ukiwa mlegevu huyo ndo anayekimbilia foleni.

Halafu kuna jambo la kile kinachokaguliwa. Mihuri mingi ya usalama, hata inayotolewa kwa uaminifu, inahusu programu inayopitia tovuti kutoka nje kutafuta virusi na mianya ya wadukuzi. Kwenye mambo hayo tu. Haijui kama taa zipo stoo. Na hata kwenye kazi yake hiyo ina mipaka: watafiti wa chuo cha Leuven kule Ubelgiji na wenzao, 2014, walitengeneza duka la majaribio lenye mianya waliyoiweka makusudi, wakalipitisha kwenye ukaguzi wa watoaji mbalimbali, na aliyefanya vizuri kuliko wote hakufikisha nusu ya mianya.

Ila kilichonishtua zaidi kwenye utafiti wao ni kitu kidogo. Tovuti ikifeli ukaguzi, muhuri haugeuki mwekundu. Hauandiki "imefeli". Unatoweka tu, mtoaji anatuma kijipicha cha nukta moja kisichoonekana, na muuzaji habughudhiwi mbele ya wateja wake. Yule mama wa Kibirizi asipobandikiwa stika, watu wote mwaloni wanaona mzani hauna stika kwa sababu mizani yote inatakiwa kuwa nayo. Mtandaoni hakuna anayetakiwa kuwa nao, kwa hiyo kukosekana kwake hakukwambii kitu.

## Ile tiki ya bluu

Mjomba aliniuliza pia kuhusu tiki, maana lile duka lilikuwa na akaunti yenye tiki kwenye mtandao wa kijamii. Nitaipita haraka. Tiki za X tangu 2023 zinakuja na kulipia kifurushi cha mwezi, hazimaanishi tena kwamba mtu kakagua wewe ni nani kama zilivyokuwa zamani. Meta Verified, ya Instagram na Facebook, nayo ni ya kulipia ila wanataka kitambulisho cha serikali, kwa hiyo inasema kuna mtu mwenye kitambulisho nyuma ya akaunti. Rangi moja, maana mbili. Na zote zinahusu akaunti, hazisemi lolote kuhusu tovuti ambayo akaunti hiyo inakuelekeza.

## Picha yangu mwenyewe

Kulikuwa na usiku mmoja nikashindwa kulala kwa sababu nilikumbuka kitu.

Mwaka 2023 nilitengeneza tovuti ya mama mmoja anayefungasha dagaa na mawese, anauza mpaka Dodoma na Dar. Kazi ilipokaribia kuisha akasema tovuti za wenzake zina ngao kule chini, na yeye anataka. Nikaingia mtandaoni, nikapakua picha ya ngao ya kijani, nikaiweka. Dakika tatu. Sikuwaza chochote, kwangu ilikuwa pambo kama rangi ya vitufe.

Niliwasha kompyuta usiku uleule. Haikuwa ngao ileile ya lile duka la taa, lakini ilikuwa imewekwa vilevile kabisa, picha kwenye folda ya picha, haiendi popote.

Yule mama ni mwaminifu, dagaa zake hazina mchanga, nazijua. Lakini mteja wake wa Dodoma anapoiona ngao yangu na kutulia moyo anafundishwa kuamini picha, na kesho yake akikutana na duka kama lile la taa anakuja nalo somo hilo tayari. Mimi ndo mwalimu wake.

Asubuhi nilimpigia. Akapinga, na hoja yake haikuwa mbaya: "Ukiitoa watu si watadhani nimefutiwa? Si wataona imepungua?" Tukabishana hadi nikaenda dukani kwake tukakaa na laptop. Nikamuuliza mteja mpya ambaye hamjui anaweza kukagua nini bila kumuuliza yeye. Tukaanza kuandika: jina la biashara kama lilivyo BRELA na namba yake, kwa maandishi yanayonakilika siyo picha, mahali alipo kwa kutaja jirani zake, namba ya simu anayoipokea mwenyewe. Na Lipa Namba yenye jina lilelile la biashara.

Hiyo ya mwisho ndo niliyokaa nayo zaidi, kwa sababu nilirudi kumuuliza mjomba alipotuma ile pesa aliona jina gani kabla ya kuweka namba ya siri. Akakumbuka vizuri. Lilikuwa jina la mtu binafsi, majina mawili, wala siyo jina la duka. Aliliona, akasita, kisha akajiambia mpwa wangu kashasema imethibitishwa.

Kwa hiyo alikuwa na uthibitisho mkononi. Jina lile halikutoka kwa muuzaji, lilitoka kwa kampuni ya simu, na halikulingana na duka. Ilikuwa ndiyo dalili pekee siku ile iliyotoka kwa mtu wa tatu kweli, na maneno yangu ndo yaliyoifunika. Nakiri Lipa Namba nayo haisemi mtu ni mwema, inasema tu laini au biashara imesajiliwa kwa jina gani. Lakini unajua nani kasema, na jina lisipofanana na la duka hilo ni jambo la kusimamisha mkono.

Kitu kingine ambacho kingenichukua nusu dakika ni umri wa tovuti:

```
whois duka.example
```

Ndani yake kulikuwa na mstari huu:

```
Creation Date: 2025-02-11T07:50:03Z
```

Tovuti iliyoandika kwenye ukurasa wake kwamba inahudumia wavuvi tangu 2015 ilikuwa na siku 34 mjomba aliponiletea. Umesajili jina saa moja na dakika 50 kwa saa za GMT, siku hiyohiyo una cheti cha kufuli. Umri mdogo peke yake siyo kosa, kila duka lina siku yake ya kwanza, ila kudai miaka kumi ukiwa na wiki tano ni uongo unaosomeka waziwazi na sikuusoma.

## Nilipofikia

Taarifa ilipelekwa polisi, na kampuni ya simu ikapewa ile namba. Pesa haijarudi. Nimeanza kumlipa mjomba kidogokidogo, anakataa, ninaacha kwa mke wake.

Mama wa dagaa alikubali ngao itoke. Oda hazijapungua mpaka sasa, ingawa ni mapema na siwezi kusema zaidi ya hapo. Amesema mteja mmoja alimpigia kuuliza kama kweli yuko pale alipoandika, akamtuma ndugu yake aliyeko Ujiji aje kuona, akaja, akanunua na yeye.

Nilipopitia kazi zangu zote za nyuma nilikuta ngao kwenye tovuti nyingine tatu. Wawili niliwapata, zimeshatoka. Wa tatu alibadilisha namba, na nywila ya seva alishaibadilisha tangu tulipoachana, kwa hiyo siwezi kuingia. Nimemwandikia kwenye fomu ya mawasiliano ya tovuti yake mara mbili. Jana usiku niliifungua tena, ngao bado iko pale chini, ya kijani, nikaibonyeza.